Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kupunguza Orodha ya Spishi kwa Tarehe na Mahali pa Picha

Pwani ya Afrika Mashariki hupita ndege waitwao kekeo, wa kijivu, wa spishi nne, na wawili kati yao wanafanana kiasi kwamba hata picha safi huweza kushindwa kuwatenganisha. Kinachosaidia zaidi ni kalenda. Ndiyo maana karibu majibu yote hapa chini yanarudi kwa kekeo hao, ingawa njia ni ileile ukiwa na picha ya popo, nyoka au kipepeo.

Tarehe na mahali vinaweza kunipa jina la mnyama?

Mara chache. Kazi yake ni kufupisha orodha ya wanaowezekana kabla hujaanza kubishana juu ya rangi ya mdomo. Ukiwa na picha ya kekeo wa kijivu bila tarehe wala mahali, majina ni mengi. Ukijua ni pwani ya Kenya, yanabaki manne. Ukijua ni Julai, yanabaki mawili. Kuchagua kati ya hayo mawili ni kazi ya picha yenyewe.

Kuna hali ambapo mahali peke yake hukaribia kumaliza kazi: pale spishi mbili zinazofanana zinapoishi katika maeneo yasiyogusana. Hata hapo, unachopata ni jibu linalotegemewa sana. Si sawa na kuona alama ya spishi kwenye mwili wa mnyama, na rekodi yako inapaswa kusema umetumia nini.

Taarifa hizi ziko wapi ndani ya picha?

Ziko kwenye sehemu ya faili iitwayo EXIF. Kwenye simu nyingi ukifungua picha na kuitelezesha juu utaona tarehe na ramani, lakini mwonekano huo umepunguzwa. Ukitaka kuona kila kilichoandikwa, tumia programu ya ExifTool kwenye kompyuta:

```
exiftool -a -G1 -s -time:all -gps:all picha.jpg
```

Mistari unayoitafuta hufanana na hii:

```
[ExifIFD] DateTimeOriginal     : 2023:07:18 09:42:10
[ExifIFD] OffsetTimeOriginal   : +03:00
[GPS]     GPSLatitudeRef       : South
[GPS]     GPSLatitude          : 3 deg 18' 0.00"
[GPS]     GPSLongitudeRef      : East
[GPS]     GPSLongitude         : 39 deg 54' 0.00"
[GPS]     GPSTimeStamp         : 06:42:10
[GPS]     GPSDateStamp         : 2023:07:18
[GPS]     GPSHPositioningError : 8 m
```

`DateTimeOriginal` ni wakati picha ilipopigwa, kwa mujibu wa saa ya kamera. `FileModifyDate`, ambayo pia itajitokeza, ni wakati faili ilipoguswa mara ya mwisho, na huweza kuwa siku uliyoinakili kwenye kompyuta. Hiyo ya pili usiitumie kutambua mnyama. Makosa mengi ya tarehe hutokana na programu au mtu kusoma mstari huo akidhani ndio wa kupiga picha.

Saa iliyo chini ya `GPS` hutoka kwenye setilaiti na huandikwa kwa UTC. Saa ya kamera huandikwa jinsi mwenye kamera alivyoiweka. Hapo juu tofauti ni saa tatu kamili, yaani +03:00, na tarehe zinalingana. Saa mbili zilizotoka sehemu tofauti zikikubaliana namna hiyo, tarehe hiyo unaweza kuiamini.

Picha nimetumiwa na mtu na haina chochote. Nifanyeje?

Mitandao mingi ya kijamii na programu za kutumiana ujumbe hufuta EXIF picha inapopita. Mwombe aliyeipiga akutumie faili halisi. Kwenye WhatsApp akiituma kama hati badala ya picha, taarifa hubaki. Jina kama `IMG-20230718-WA0007.jpg` lisikudanganye: tarehe iliyo ndani yake ni ya siku picha ilipopita kwenye programu hiyo. Picha inaweza kuwa ya miaka mitano nyuma.

Picha ya skrini nayo ina tarehe yake yenyewe, nayo ni ya siku skrini iliponakiliwa. Ukiona vipimo vya picha vinalingana na vya skrini ya simu, na hakuna mstari wa lenzi wala wa mwanga, chukulia kwamba tarehe ya mnyama hujaipata.

Mahali panaposomeka ni pa mnyama au pa mpiga picha?

Pa mpiga picha. Kwa kipepeo aliye sentimita 30 mbele ya simu tofauti haina maana. Kwa nyangumi aliyepigwa akiwa mbali baharini, au tai aliye ng'ambo ya bonde, tofauti inaweza kufika kilomita kadhaa, na GPS haitakuambia.

Mstari wa `GPSHPositioningError`, ukiwepo, unataja kosa linalokadiriwa kwa mita. Mita 8 ni hali nzuri. Ukiona 1,400, simu haikuwa imepata setilaiti, bali ilikisia kutoka kwenye minara au ilitumia mahali pa mwisho ilipopajua. Kwenye tambarare kosa la kilomita moja halibadilishi orodha ya spishi. Kwenye mteremko mkali linaweza kukuhamisha mamia ya mita kwenda juu au chini, kutoka msitu hadi nyasi za mlimani, na wanyama wa huko si haohao. Kwa hiyo mlimani soma pia mwinuko, na uulinganishe na mwinuko ambao ramani inaonyesha pale pale. Vikipishana sana, mahali hapo usipategemee.

Viwianishi huharibika namna gani?

Njia tatu hujirudia. Ya kwanza ni kupotea kwa alama ya kusini. Latitudo -3.3 ikigeuka 3.3, picha ya Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani ya Kenya, inaruka zaidi ya kilomita 700 kwenda kaskazini na kuangukia nyika kame iliyo mashariki ya Moyale. Ubaya wa kosa hili ni kwamba bado uko Kenya. Hakuna programu itakayolalamika, na orodha ya spishi utakayopewa itaonekana ya kawaida kabisa, ila ni ya mahali pengine.

Ya pili ni kuchanganya dakika na desimali. Nyuzi 3 na dakika 18 ni 3.30, kwa sababu 18 unaigawa kwa 60. Mtu akiandika 3.18 amesogea nyuzi 0.12. Nyuzi moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, kwa hiyo hilo ni kosa la kilomita 13 hivi: dogo kwa ndege wa nyika, kubwa kwa chura wa kijito kimoja.

Ya tatu hujitangaza yenyewe. Ukikuta 0, 0, picha imewekwa baharini kwenye Ghuba ya Guinea, maana yake ni kwamba programu ilikosa mahali ikaandika sufuri.

Kabla ya kuuliza swali lolote kuhusu spishi, weka nukta kwenye ramani ya setilaiti na utazame kama mandhari inafanana na iliyo nyuma ya mnyama. Ni nusu dakika ya kazi, na ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote vilivyo hapa.

Saa ya siku inasaidia kufuta spishi?

Kidogo kuliko watu wanavyodhani. Bundi aliyelala mtini hupigwa picha mchana, na mnyama wa mchana huonekana usiku akiwa amekurupushwa. Saa hukuambia mnyama alikuwa anatarajiwa kufanya nini. Yule aliyepigwa saa 02:15 akila kwa utulivu mbele ya kamera ya mtego ana uwezekano mkubwa wa kuwa wa usiku. Lakini kumfuta mnyama kwenye orodha kwa sababu ya saa pekee ni kujitafutia aibu.

Kwa wasemaji wa Kiswahili kuna mtego wa ziada. Kamera inaandika 09:42, sisi tunasema saa tatu na dakika arobaini na mbili asubuhi. Aliyejaza fomu kwa kichwa cha Kiswahili akaandika 03:42, amemhamishia ndege wake usiku wa manane. Ukikuta rekodi za mtu mmoja zimeachana na mwanga wa picha kwa saa sita kila mara, sababu ni hiyo. Kwenye rekodi tumia tarakimu za kamera, mfumo wa saa 24, hata kama mdomoni unasema vingine.

Nianze na picha au na orodha?

Anza na picha. Andika unachokiona kabla ya kufungua hifadhidata yoyote: ukubwa ukilinganisha na tawi, michirizi ya tumbo iko karibu au mbali, njano ya mdomo imefika wapi. Ukishasoma orodha ya majina, jicho huanza kuona kile ambacho orodha inakitaka.

Kisha chora kisanduku kuzunguka nukta. Nyuzi moja kila upande, yaani kama kilomita 110, inatosha kwa ndege na mamalia wakubwa wa tambarare. Mlimani, kisiwani au kwa viumbe wasiotembea mbali, punguza. Kwa tarehe, chukua mwezi wa picha, na uongeze wiki mbili au tatu kila upande ikiwa mnyama anahama, kwa kuwa misafara haifiki siku moja kila mwaka.

GBIF, hifadhidata ya rekodi za viumbe wa dunia nzima, hukuonyesha nani amerekodiwa ndani ya kisanduku hicho na mwezi gani, kwa anwani moja unayoiandika kwenye kivinjari. Hii inahesabu rekodi za kekeo wa Madagaska ndani ya kisanduku cha Arabuko-Sokoke na kuzigawa kwa miezi:

```
https://api.gbif.org/v1/occurrence/search?scientificName=Cuculus%20rochii&decimalLatitude=-4.3,-2.3&decimalLongitude=38.9,40.9&facet=month&facetLimit=12&limit=0
```

Badilisha jina liwe `Cuculus%20poliocephalus`, halafu `Cuculus%20canorus`, halafu `Cuculus%20gularis`, na unazo safu nne za kulinganisha. Mwisho weka `Cuculus` peke yake. Safu hiyo ya jenasi nzima inakuonyesha watu walikuwa wanatazama kekeo kiasi gani kila mwezi. Mwezi wenye sufuri kwa spishi yako na sufuri kwa jenasi nzima haukuambii kitu: huenda hakuna aliyekwenda msituni.

Kwa ndege, chati za eBird, hifadhidata ya orodha za watazamaji wa ndege, ni rahisi zaidi kusoma. Kila mwezi umegawanywa sehemu nne, na urefu wa mstari unatokana na sehemu ya orodha zilizomtaja ndege huyo. Wingi wa watazamaji katika mwezi fulani kwa hiyo haumfanyi ndege aonekane mwingi kuliko alivyo.

Hao kekeo wanne wanagawanyikaje kwa mwezi?

Kekeo wa Ulaya, `Cuculus canorus`, huzaliana Ulaya na Asia. Afrika Mashariki hupita hasa kati ya Oktoba na Desemba akienda kusini, na Machi hadi Aprili akirudi. Wazima wengine huanza kuondoka Ulaya mapema, tangu Juni, kwa hiyo Julai huwezi kumfuta kabisa Afrika. Unamweka mwisho wa orodha.

Kekeo mdogo, `Cuculus poliocephalus`, huzaliana Asia, kuanzia Himalaya hadi Japani. Kwetu ni mgeni wa Novemba hadi Aprili.

Kekeo wa Madagaska, `Cuculus rochii`, ana kalenda iliyopinduliwa. Huzaliana Madagaska katika miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka, kisha huvuka kuja bara kati ya Aprili na Septemba. Huyu na kekeo mdogo ndio wanaokaribia kuwa nakala moja. Sauti ingewatenganisha, ila wakiwa nje ya msimu wa kuzaa wote wawili hunyamaza sana, na picha haina sauti.

Kekeo wa Afrika, `Cuculus gularis`, huhamahama ndani ya Afrika yenyewe, hivyo hakuna mwezi unaoweza kumfuta moja kwa moja. Bahati nzuri ni mkubwa zaidi, na njano ya mdomo wake imetanda kwenye shina kiasi cha kuonekana kwenye picha ya kawaida.

Sasa soma Julai: kekeo mdogo yuko Asia, wa Ulaya ni wa nadra, wanabaki wa Madagaska na wa Afrika. Hao wawili picha inawaweza. Soma Januari: wa Madagaska yuko kwao akizaa. Soma Aprili, na wote wanne wanawezekana. Aprili ndio mwezi wa shida, na mfano unaofuata ni wa mwezi huo.

Tuonyeshe picha moja, hatua kwa hatua.

Tuchukue faili yenye `DateTimeOriginal` ya `2023:07:04 06:52:31`. Hakuna mistari ya GPS, kwa kuwa kamera haina kipokezi. Mwenye picha ameweka nukta kwa mkono kwenye ramani, ndani ya Arabuko-Sokoke. Ndege ni mdogo, mdomo mwembamba wenye njano kidogo tu, michirizi ya tumbo imeachana.

Tukifuata kalenda, tarehe 4 Julai inaacha wawili. Ukubwa na mdomo vinamwondoa kekeo wa Afrika. Jibu linakuja lenyewe: kekeo wa Madagaska. Wengi wangeishia hapo.

Kabla ya kukubali, tunafungua picha nyingine za memori kadi ileile. Moja, yenye tarehe hiyohiyo ya 4 Julai, inaonyesha maandamano ya Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu barabarani. Mwaka 2023 Pasaka ilikuwa 9 Aprili, kwa hiyo Ijumaa Kuu iliangukia 7 Aprili. Kilichotokea sasa ni wazi: aliyeweka saa ya kamera aliandika 04 mahali pa siku na 07 mahali pa mwezi, badala ya kinyume chake.

Picha ya kekeo ni ya 7 Aprili. Orodha inafunguka upya, na wa Ulaya na kekeo mdogo wanarudi. Wa Ulaya tunamwondoa kwa ukubwa kama tulivyomwondoa wa Afrika. Wanabaki wawili wanaofanana, katika wiki ambazo mmoja anaondoka na mwingine anafika. Rekodi sahihi ni "kekeo mdogo au wa Madagaska", nayo inaishia kwenye jenasi ikiwa fomu haina nafasi ya majina mawili. Ndege hajabadilika hata unyoya. Tarehe ndiyo iliyokuwa imebeba uzito wote, na ilipoanguka ikaanguka na jina.

Nikigundua siku na mwezi vilibadilishana, nivibadilishe tu kwenye kila picha?

Hapana, na hili huwaponyoka hata wazoefu. Saa iliwekwa vibaya mara moja, halafu ikaendelea kutembea kama kawaida. Kosa ni idadi ya siku isiyobadilika. Kutoka 7 Aprili hadi 4 Julai ni siku 88. Siku nane baadaye kamera inasema 12 Julai, na ukweli ni 15 Aprili. Ukigeuza siku na mwezi kwenye picha hiyo ya pili utapata 7 Desemba, yaani umeharibu zaidi ya alivyoharibu mwenyewe.

Unachofanya ni kurudisha picha zote nyuma kwa siku 88:

```
exiftool "-AllDates-=0:0:88 0:0:0" *.jpg
```

Programu huacha nakala ya awali yenye `_original` mwishoni mwa jina. Usiifute mpaka ulinganishe angalau picha mbili na tukio unalolijua tarehe yake.

Kamera za mtego zina matatizo gani?

Betri zikiisha au zikitolewa, saa ya baadhi ya kamera hurudi kwenye tarehe ya kiwandani, na picha zinazofuata huanza mwaka ambao mradi wenyewe haukuwepo. Hilo angalau linaonekana. Lisiloonekana ni saa kusogea taratibu, dakika chache kwa muda mrefu wa kukaa porini. Kwa msimu haidhuru, kwa kusoma mwenendo wa mnyama alfajiri inaweza kudhuru.

Dawa ni ubao. Siku ya kufunga kamera, piga picha ya ubao wenye tarehe, saa kamili, ukanda wa saa na jina la kituo. Siku ya kuitoa, rudia. Tofauti kati ya ubao na EXIF mwanzoni na mwishoni inakuambia kama kosa lilikuwepo tangu awali, limekua njiani, au limeruka ghafla katikati.

Ramani ya mtawanyiko inasema hayupo hapo. Nimfute?

Msogeze chini, usimfute. Ramani za aina hiyo hupakwa rangi kwa mkono mpana: hujumuisha mahali pasipofaa na huacha nje mahali ambapo hakuna aliyewahi kutafuta. Tumia makundi matatu: wanaotarajiwa, wa nadra, na wasiotarajiwa. Walio kundi la tatu wanahitaji ushahidi wa kuonekana kwenye picha yenyewe, alama ambayo mwingine hana.

Uzito wake unaweza kuupima kwa hesabu ndogo. Tuseme katika mwezi na mahali fulani spishi ya kawaida inaonekana mara 95 na ya nadra mara 5. Kisha picha yako ina dalili inayolingana na ya nadra mara mbili zaidi kuliko ya kawaida. Zidisha: 95 kwa 1, na 5 kwa 2. Unapata 95 dhidi ya 10. Dalili dhaifu haipindui kalenda. Ingelazimu iwe na nguvu takriban mara 20 ndipo wawili hao walingane, na alama ya wazi ya spishi ina nguvu kuliko hapo.

Kumbuka pia wanaobaki nyuma. Ndege wengi wachanga wa ufukweni hawarudi kaskazini katika mwaka wao wa kwanza, hivyo mmoja wao Juni pwani ya kusini si kioja. Na mnyama wa bustani, wa kufugwa au aliyetoroka hafuati ramani wala kalenda. Nukta ikiangukia karibu na bustani ya wanyama, sahau mtawanyiko.

Hifadhidata zinaweza kunizungusha?

Ndiyo, na kwa kekeo hawa zinazungusha kweli. Watazamaji wengi huandika "wa Madagaska" kwa sababu ni Julai na "kekeo mdogo" kwa sababu ni Februari. Wewe ukihesabu rekodi hizo kisha ukasema tarehe inawatenganisha vizuri, umesoma desturi ya watazamaji ikarudi kwako kama ushahidi wa ndege.

Kuna namna ya kutoka kwenye mduara huo. Ongeza `&basisOfRecord=PRESERVED_SPECIMEN` kwenye anwani ya GBIF ili ubaki na sampuli za makumbusho, ambazo mtu anaweza kuzipima bawa kwa rula. Zitakuwa chache, na kisanduku kitahitaji kupanuliwa, lakini kila moja inasimama yenyewe. Angalia majina ya zamani pia: kekeo wa Madagaska aliwahi kuhesabiwa kama nususpishi ya kekeo mdogo, kwa hiyo `poliocephalus` wa Julai kwenye lebo ya zamani huenda ni `rochii` wa leo.

Jambo jingine ni nukta zilizofichwa kwa makusudi. iNaturalist, mtandao ambako watu huweka picha za viumbe walivyoviona, huhamisha mahali pa spishi zilizo hatarini hadi sehemu yoyote ndani ya kisanduku cha nyuzi 0.2 kwa 0.2, yaani kama kilomita 22 kila upande karibu na ikweta. Ukikuta mnyama wa msitu yuko katikati ya bahari, tazama kwanza kama rekodi ina alama hiyo.

Nikishamaliza, niache mahali ndani ya picha?

Kwenye nakala yako, ndiyo, daima. Kwenye nakala ya kusambaza inategemea mnyama. Kifaru, kasa anayetaga, kiota cha tai: ondoa viwianishi kabla picha haijatoka mikononi mwako.

```
exiftool -gps:all= nakala.jpg
```

Fanya hivyo kwenye nakala na si kwenye faili ya asili, na acha tarehe ibaki. Ukikagua tena kwa amri ya kwanza kabisa, mistari yote ya `[GPS]` inapaswa kuwa imetoweka. Tazama pia jina la faili na maelezo ya picha, kwa sababu ExifTool haitagusa jina la kijito uliloliandika mwenyewe.